Waya wa maiki: XLR au jeki? Maswali ya kila wikendi kuhusu mvumo

Simu nyingi ninazopokea Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi huanza kwa neno moja: "Fundi, inavuma." Anayepiga anaweza kuwa kijana wa mitambo kanisani, mshereheshaji wa harusi au mwalimu wa kwaya aliyenunua mikisa yake ya kwanza. Maswali yanafanana sana, nami nimechoka kuyajibu kwa simu huku kinanda kinapigwa nyuma ya anayeuliza. Nimeyaandika hapa.

## Fundi, XLR na jeki ya robo inchi vinatofautiana nini hasa?

XLR ni kile kichwa kinene cha duara chenye pini 3 na kufuli inayolia "ka" ukiichomeka. Kilitoka kwenye kiwanda cha Cannon cha Los Angeles, ndiyo maana unaweza kumsikia fundi akikiita kenoni. Jeki ni ule msumari wa unene wa milimita 6.35, yaani robo inchi, na umri wake ni mkubwa zaidi: ulianzia karne ya 19 kwenye mitambo ya kuunganishia simu, ambako mtu alikuwa akichomeka na kuchomoa kutwa nzima.

Jeki zenyewe zipo za aina mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Itazame karibu, uhesabu mistari myeusi ya plastiki inayozunguka chuma. Ikiwa na mstari mmoja, ina sehemu mbili tu, ncha na mwili, kwa hiyo inabeba nyaya mbili. Ikiwa na mistari miwili, katikati kuna pete, kwa hiyo inabeba nyaya tatu, idadi ileile ya XLR.

Kumbuka hilo la nyaya tatu, kwa sababu umbo la kichwa si dawa ya mvumo. Dawa ni kinachotokea ndani ya waya, na kwenye tundu la mikisa unapoingia. Nimeshaona waya wenye XLR nzuri za kung'aa pande zote mbili, ndani una uzi mmoja tu na wavu wa chuma unaouzunguka.

## Huo mvumo wenyewe unatoka wapi?

Unatoka ukutani. Umeme wetu wa volti 230 hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila waya wa umeme, transfoma, feni na taa hutawanya mtikisiko huo pembeni yake. Mpigaji besi anaweza kuujaribu mwenyewe: abonyeze uzi mnene kwenye kituo cha tatu, apate G ya chini, ambayo ni hezi 49. Mvumo wa umeme uko palepale, juu kidogo tu. Mara nyingi unachosikia ni huo pamoja na ndugu yake wa hezi 100, ambaye ana makali zaidi masikioni.

Unaingia kwenye waya wa maiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya hewani: waya wa maiki ukilala sambamba na ekstensheni ya umeme, unaambukizwa. Ya pili ni ya ethi. Vifaa viwili vikipata ethi kutoka soketi mbili tofauti, halafu ukaviunganisha kwa waya wa sauti, mkondo mdogo hupata njia mpya na hupita kwenye wavu wa waya wako. Hii ya pili ndiyo inayosumbua kumbi zetu zaidi, kwa sababu jukwaa lina soketi zake na meza ya mitambo iko mlango wa nyuma na soketi zake.

## Mbona kinanda nakiunganisha kwa jeki ya kawaida na hakivumi, ila maiki inavuma?

Kwa sababu maiki inanong'ona. Maiki ya kawaida ya dainamiki, ile ya kushika mkononi, ikiimbiwa karibu hutoa umeme wa kama milivolti 2. Kinanda kinaweza kutoa volti nzima, mara 500 zaidi.

Sasa chukua mvumo wa milivolti 0.1 ulioingia kwenye waya. Kwa kinanda, sauti ni kubwa kuliko mvumo mara 10,000, hutausikia. Kwa maiki, sauti ni kubwa mara 20 tu. Na mikisa lazima ikuze ile milivolti 2 mara mamia ili ifae, na inapoikuza haichagui: mvumo nao unakuzwa vilevile. Padri akinyamaza kidogo kati ya sentensi mbili, ukumbi mzima unausikia.

## Haya, waya wa balansi unaondoaje mvumo?

Fikiria mizani ya sokoni yenye sahani mbili. Ukiweka jiwe la kilo moja kila upande, mshale hausogei. Ukiongeza mawe mawili mengine yanayolingana, bado hausogei. Mshale husogea tu pale sahani moja inapozidi nyingine.

Tundu la maiki kwenye mikisa ni mizani ya namna hiyo. Waya wa balansi una nyuzi mbili za ndani, moja inakwenda pini 2 na nyingine pini 3, na wavu unaozizunguka unakwenda pini 1. Mikisa haiulizi "pini 2 ina umeme kiasi gani?" Inauliza "pini 2 na pini 3 zimepishana kiasi gani?" Kisha inakuza ule mpishano tu.

Maiki husukuma sauti kwa kupishanisha: pini 2 inapopanda milivolti 1, pini 3 inashuka milivolti 1, mpishano ni milivolti 2. Mvumo hauna uwezo huo. Nyuzi zile mbili zimelala pamoja, zimesokotwa pamoja, kwa hiyo ekstensheni iliyo pembeni inaziambukiza sawasawa. Tuseme kila uzi umepata milivolti 1 ya mvumo. Kwa wakati huo pini 2 ina 1 ya sauti na 1 ya mvumo, jumla 2. Pini 3 ina 1 ya sauti upande wa hasi na 1 ya mvumo, jumla sifuri. Toa sifuri kwenye 2: unabaki na 2, ambayo ni sauti peke yake.

Kusokotwa kuna kazi yake. Uzi mmoja ukikaa upande wa ekstensheni safari nzima, utaambukizwa zaidi ya mwenzake na mizani itaegemea. Zikisokotwa, zinapokezana: sentimita chache huyu yuko karibu, sentimita chache yule. Ukifika mwisho wa waya, zimepata sawa.

Ni kweli hakuna mizani kamilifu. Tundu zuri la maiki hugawanya mvumo wa pamoja mara 1,000 au zaidi, yaani desibeli 60 na kuendelea. Ile milivolti 1 inabaki sehemu moja ya milioni ya volti. Nayo ipo, ila hakuna sikio litakaloitambua chini ya kelele za feni.

## Nimesoma kwamba siri ni ile sauti kugeuzwa kwenye pini 3. Ni kweli?

Wengi tulifundishwa hivyo, nami nilifundishwa hivyo, lakini si hasa. Kinachofuta mvumo ni nyuzi zote mbili kuona ukinzani uleule kuelekea ethi, ili mvumo uingie sawa kwenye zote. Sauti kugeuzwa ni nyongeza nzuri tu.

Ushahidi upo kwenye mikisa ndogo nyingi. Jeki zake za kutolea sauti huweka sauti kwenye ncha peke yake. Pete haina sauti kabisa, imefungwa kwenye ethi kupitia rezista inayolingana na ile ya kwenye ncha. Bado mvumo unafutika kwenye spika, kwa sababu sahani mbili zina uzito mmoja. Kwa upande wa pili, ukigusanisha pini 3 na pini 1 moja kwa moja, sahani moja umeipigilia msumari mezani. Hapo hakuna mizani tena.

## Waya uliokuja na maiki yangu una XLR upande mmoja na jeki upande wa pili. Niutumie?

Huo ndio waya unaoniletea simu nyingi kuliko nyaya zote. Ni waya wa karaoke. Kwa mita tatu sebuleni hauna neno. Kwa mita 20 ukumbini ni tatizo, kwa sababu kwenye jeki ya mstari mmoja hakuna pa kuweka uzi wa tatu, kwa hiyo kiwandani wameunganisha pini 3 na pini 1. Ule msumari niliousema.

Thibitisha kwa mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio. Gusa ncha ya jeki na tundu namba 2 la XLR: ilie. Gusa mwili wa jeki na tundu namba 1: ilie. Sasa gusa mwili wa jeki na tundu namba 3. Ikilia, waya wako hauna balansi, hata kama kwenye pakiti wameandika maneno gani.

Kuna hasara nyingine ambayo haihusiani na mvumo. Tundu la jeki kwenye mikisa kwa kawaida limetengenezwa kwa kinanda na vifaa vyenye sauti kubwa, halikuzi sana. Ukichomeka maiki hapo utapandisha kila kitufe hadi mwisho, na bado mhubiri atasikika yuko mbali. Hata yale matundu ya pamoja yanayopokea XLR na jeki mahali pamoja yako hivyo: tundu moja kwa macho, njia mbili ndani.

## Tupe mfano wa kweli uliouona.

Kanisa moja lilikuwa na maiki ya mimbari iliyovuma miezi kadhaa. Walikuwa wamebadilisha maiki mara mbili na walikuwa wanachanga pesa za mikisa mpya. Nilifika Jumatano, ukumbi mtupu, jambo ambalo nalisisitiza siku zote, kwa sababu huwezi kusikia mvumo watu wakipanga viti.

Kwanza nilishusha chaneli ya maiki hadi chini. Mvumo ukapotea wote. Hapo nilijua amplifaya na spika hazina kesi, tatizo linaingia kupitia chaneli ile. Nikaipandisha tena, nikatembea hadi mimbarini, nikaichomoa maiki kwenye kishikizo na kuinyanyua hewani. Mvumo ukapungua nusu. Nikairudisha, ukapanda. Nilifanya hivyo mara tatu mbele ya mwenyekiti wa mitambo mpaka akacheka.

Kishikizo kilikuwa cha chuma kitupu, na maiki ilikuwa na mwili wa chuma usio na rangi. Mimbari nayo ilikuwa ya chuma, na juu yake wamefunga taa ya kusomea yenye plagi ya pini tatu, inayopata ethi kutoka soketi ya madhabahuni. Mwili wa maiki umeungwa na pini 1, yaani wavu. Mikisa, mita 25 nyuma, inapata ethi kutoka soketi nyingine. Kwa hiyo wavu wa waya wa maiki ulikuwa umegeuka daraja kati ya ethi mbili, na mkondo ulikuwa unapita juu yake.

Waya wenyewe ulikuwa XLR kwa jeki ya mstari mmoja. Kwenye waya wa namna hiyo wavu si ulinzi tu, ni njia ya kurudi ya sauti yenyewe. Fanya hesabu: wavu wa urefu ule pamoja na vichwa vyake unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1. Ukipita mkondo wa miliampea 1 tu, unapata milivolti 1 ya mvumo, imeungwa moja kwa moja na milivolti 2 za sauti ya mchungaji. Nusu kwa moja. Hakuna mikisa ya bei yoyote itakayozitenganisha zikishachanganyika hivyo, na ndiyo maana niliwaambia wasitishe mchango.

Nilivuta waya mpya wa nyuzi mbili na wavu, XLR dume upande mmoja na jike upande mwingine, nikaingiza kwenye tundu la XLR la mikisa. Mvumo wa kwenye kishikizo ukatoweka. Mkondo kwenye wavu huenda ulikuwepo bado, ila sasa ulikuwa unapita kwenye pini 1 ambako hakuna sauti, na pini 2 na 3 hazikujali.

Ile nusu ya mvumo iliyokuwa inabaki maiki ikiwa hewani ilikuwa ya ekstensheni. Walikuwa wameufunga waya wa maiki na ekstensheni ya feni kwa gundi, pamoja, mita 25 ukutani, ili pasionekane fujo. Waya wa balansi uliondoa karibu yote. Hata hivyo niliupeleka ukuta wa pili, na pale ulipolazimika kukatiza waya wa umeme niliukatiza kama msalaba, maana nyaya zinazokatizana hukutana sentimita chache tu.

## Jeki ya mistari miwili nayo ni ya balansi, au siyo?

Inaweza kuwa. Ncha inachukua nafasi ya pini 2, pete pini 3, mwili pini 1, na kwa mvumo hakuna tofauti yoyote na XLR. Kutoka mikisa kwenda spika zenye amplifaya ndani, mimi hutumia jeki za mistari miwili bila wasiwasi.

Kwa maiki bado nachagua XLR kwa sababu za mkono zaidi ya za sikio. Ina kufuli, mwimbaji akiukanyaga waya hauchomoki. Nyaya zinaunganika zenyewe kwa zenyewe, dume kwa jike, bila kutafuta adapta, na kanuni ni moja: sauti hutoka kwenye pini na kuingia kwenye matundu. Tena pini 1 hutangulia kugusa kabla ya nyingine. Jeki ikiingia, ncha yake hupita juu ya vyuma vya pete na mwili kabla ya kufika mahali pake, na ukisahau kushusha chaneli spika zitakuambia.

## Nimechomeka laptopu kwa jeki ya mistari miwili, muziki unasikika lakini sauti ya mwimbaji haipo. Nyimbo zimeharibika?

Nyimbo ni nzima. Jeki ya mistari miwili ina kazi mbili tofauti na haikuambii ni ipi. Kwenye laptopu na simu, ncha ni spika ya kushoto na pete ni ya kulia. Kwenye tundu la balansi la mikisa, pete ni ile sahani ya pili ya mizani. Kwa hiyo mikisa imechukua kushoto ikatoa kulia. Mwimbaji hurekodiwa katikati, sawasawa pande zote mbili, na mikisa ikamfuta kwa uaminifu uleule inaofutia mvumo. Vinabaki vyombo vilivyowekwa pembeni na mwangwi wake kidogo, kama anaimbia chooni.

Hakuna maonyesho bora ya kazi ya balansi kuliko hayo. Tiba ni waya wa Y, jeki ndogo ya simu ikigawanyika kuwa jeki mbili za mstari mmoja, ziingie chaneli mbili.

Na ikiwa laptopu inavuma inapochaji tu, hiyo ni ile kesi ya ethi mbili. Chomoa chaja kwa nusu dakika uthibitishe. Kisha nunua boksi la DI lenye transfoma, kile kisanduku kinachogeuza sauti ya jeki kuwa ya balansi, uliweke katikati.

## Gitaa langu lina jeki. Nikilibadilishia waya wa XLR litaacha kuvuma?

Hapana. Gitaa la umeme la kawaida lenyewe halina balansi: koili zake zina ncha moja ya sauti na nyingine imefungwa kwenye ethi. Hata ukiweka waya wa dhahabu, mizani itakuwa na sahani moja. Tena koili zile zina ukinzani mkubwa, na waya mrefu hula sauti kali. Baki kwenye mita 5 au 6.

Kutoka hapo gitaa liingie kwenye boksi la DI. Ndani ya lile la kawaida kuna transfoma inayopunguza ukinzani na kuzaa nyuzi mbili zinazolingana, kisha XLR inasafiri hadi mikisa hata mita 50. Boksi hilo lina swichi ndogo ya kukata ethi ya waya wa sauti. Jaribu pande zote mbili, acha panapotulia. Mvumo unaoingia kwenye koili zenyewe, ule unaobadilika mpigaji akigeuka, hautibiki na waya wowote. Mwambie asimame upande mwingine.

## Nataka kulehemu waya mwenyewe. Naweza kukosea wapi?

Watu wengi hukosea sehemu mbili. Ya kwanza ni kuamini rangi. Nyuzi za ndani zinaweza kuwa nyekundu na nyeupe, nyeusi na nyeupe, bluu na nyeupe. Rangi haina sheria. Sheria ni kwamba ile uliyoweka pini 2 upande huu iwe pini 2 upande ule. Namba zimeandikwa kwenye plastiki ya kichwa, ndogo sana, washa tochi ya simu. Ukizipishanisha pini 2 na 3 upande mmoja, maiki itafanya kazi na hutagundua, mpaka siku maiki mbili zitakapowekwa kwenye ngoma moja na besi ikapotea.

Ya pili ni wavu. Ukishaumenya, usokote uwe uzi mmoja, uupakae risasi kidogo, uulehemu pini 1. Usiache unyoya hata mmoja ukigusa pini ya jirani. Na usiuunganishe na kile kipande cha chuma cha ganda la kichwa. Ganda likigusana na chuma cha jukwaani au na kichwa kingine, umetengeneza njia nyingine ya ethi bila kujua.

Kabla ya kufunga, pini zote zipime kwa mita: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 zilie, na hakuna nyingine inayolia na nyingine. Wakati unapima, utikise waya pale unapoingia kwenye kichwa. Nyaya nyingi zilizokufa hulala kama nzima mpaka uzikunje hapo.

## Nitajuaje uzi gani umekatika bila kufungua?

Sikiliza, kila ugonjwa una sauti yake. Pini 2 au pini 3 ikikatika kwenye waya wa maiki ya dainamiki, sauti inakuwa nyembamba na ndogo kama ya simu mbovu, besi imekwenda, na mvumo unapanda. Ukikatika waya wa balansi kati ya mikisa na spika, mara nyingi sauti inapungua tu na mvumo unajitokeza, kwa hiyo watu huongeza sauti na kuendelea hivyo kwa miaka.

Pini 1 ikikatika, sauti ya maiki ya dainamiki inabaki nzima, nzuri kabisa, lakini kuna mvumo au mkwaruzo unaobadilika ukigusa mwili wa maiki kwa kidole. Maiki ya kondensa kwenye waya huohuo itakuwa imekufa, maana umeme wake wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa unarudi kupitia pini 1. Basi ukisikia "waya huu unakubali maiki ya zamani lakini unakataa mpya," anza na pini 1.

## Hiyo volti 48 ina madhara nikitumia jeki?

Inapanda kupitia pini 2 na 3 kwa usawa, kila moja kupitia rezista ya kilo-omu 6.8, kwa hiyo maiki ya dainamiki yenye waya mzima wa balansi haioni mpishano wowote na haidhuriki. Hatari iko kwenye waya wa XLR kwa jeki unaotumika kuleta kinanda au laptopu kwenye tundu la maiki. Hapo volti zinarudi kwenye kifaa ambacho hakikutegemea kuzipokea. Kwenye mikisa ndogo kitufe cha +48V mara nyingi ni kimoja kwa chaneli zote. Ukikiwasha kwa ajili ya maiki moja ya kwaya, umewasha kwa wote. Kizime, kaa sekunde kadhaa, ndipo uchomeke.

## Fundi mmoja alikata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya na mvumo ukaisha. Kwa nini unapinga?

Kwa sababu ile ethi ilikuwa inamlinda mshika maiki. Siku waya wa moto utakapogusa ganda la amplifaya kwa ndani, umeme hautakuwa na pa kwenda. Utafuata wavu wa waya wa sauti hadi kwenye mwili wa chuma wa maiki, mdomoni mwa mtu, pengine amesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Rudisha pini hiyo leo.

Unachotaka kukata ni njia ya ethi kwenye waya wa sauti, na kuna pa kuikatia: swichi ya boksi la DI, au kwenye waya wa balansi kati ya mikisa na amplifaya, kuacha wavu bila kuulehemu upande wa amplifaya. Waya wa namna hiyo uandike kwa mkanda ulioubandika, "HAUNA 1 UPANDE HUU," kwa sababu mtu ataubeba kwenda kuutumia kwa maiki ya kondensa na atakupigia simu.

## Nimeweka XLR kila mahali na bado inavuma. Sasa?

Shusha chaneli zote. Ikiendelea, shusha na ya jumla. Bado? Chomoa waya unaoingia kwenye amplifaya au spika. Ikivuma hata hapo, ni kifaa chenyewe, mara nyingi kapasita za umeme zimechoka, na waya wa maiki hauna hatia.

Ikinyamaza uliposhusha chaneli fulani, ichomoe maiki kwenye waya wake ukiacha waya umelala. Ukivuma kidogo bila maiki, usishtuke, mizani haina kitu upande wa pili wa kuituliza. Rudisha maiki ndipo uhukumu. Na ukisikia "trrr-tit-trrr-tit" badala ya mvumo, hiyo ni simu ya mtu iliyolazwa juu ya mikisa. Mara nyingi ni ya fundi.